Nani Anauza Chungu? Kuhesabu vitu vilivyobanana kwenye seli moja

"Huyu anayeuza chungu ni nani?" mama mwenyekiti aliniuliza, kidole chake kikiwa juu ya skrini ya laptopu yangu. "Sisi ni kikundi cha mboga. Vyungu viko kule kwa wale wa majiko."

Nikaangalia. Kweli, kwenye orodha niliyomletea kulikuwa na mstari ulioandikwa "chungu", na mbele yake 11. Chini kidogo kulikuwa na "saumu", 9, kana kwamba watu tisa pale sokoni wanauza mfungo wa Ramadhani. Kulikuwa pia na "maji", 17, na "vitamu", 8. Nilitamani kufunga laptopu niondoke.

Nieleze ilivyokuwa. Kikundi kina wauzaji 38 kwenye soko la mtaani kwetu, Dar es Salaam. Walitaka kuacha kununua nyanya kwa madalali wa jumla, badala yake wachange wakodi Fuso moja likazilete kutoka Ilula, Iringa. Swali lilikuwa dogo sana: ni wangapi kati yetu wanauza nyanya? Kila anayeuza angechukua tenga moja kwa safari ya kwanza. Ukikosea hesabu kwa watu kumi, umeleta matenga kumi yasiyo na mwenyewe, na nyanya haisubiri.

(Wasomaji wa Kenya, nyanya humu ni ile ya kupikia. Bibi zetu wako salama.)

Nilitengeneza dodoso kwenye Google Forms, swali moja la kuchagua majibu mengi: "Unauza nini?" Watu 24 walijaza kwa simu. Waliobaki 14 walijibu kwa karatasi, na mpwa wangu akayachapa majibu yao moja kwa moja kwenye Google Sheets. Ndiyo maana sikuweza kutegemea chati inayochorwa na fomu yenyewe, kwani ile inawajua wale 24 tu.

Sasa, mtu anapotia alama kwenye visanduku vitano, fomu haimpi seli tano. Inaweka vyote ndani ya seli moja, ikitenganisha kwa mkato na nafasi. Safu yangu ya C ilionekana hivi:

```
Nyanya, Nyanya chungu, Bamia
Vitunguu maji, Vitunguu saumu
Nyanya, Pilipili hoho, Karoti
nyanya,bamia,nyanya
```

Mstari wa mwisho ni wa mpwa wangu. Utauona tena.

Kwa macho yako na yangu, seli ya kwanza ina vitu vitatu. Kwa kompyuta ni kitu kimoja tu, sentensi moja ndefu. Ukimwambia ahesabu "Nyanya" kwa kufananisha seli nzima, atakuletea wale tu wanaouza nyanya peke yake bila kitu kingine, na kwenye soko la mboga watu hao hawapo. Mimi nilipata sifuri.

Nikafanya anachofanya kila mtu akipata sifuri. Nikaweka nyota pande mbili:

```
=COUNTIF(C2:C39, "*nyanya*")
```

Nyota maana yake ni "herufi zozote", kwa hiyo fomula inauliza kama neno nyanya limo popote ndani ya seli. Jibu: 25. Lilinifurahisha kwa dakika kama mbili hivi, mpaka nilipokumbuka nyanya chungu. Mtu anayeuza nyanya chungu na wala hagusi nyanya naye amehesabiwa, kwa sababu neno nyanya limo ndani ya jina la bidhaa yake.

Hapa Kiswahili kina mtego wake. Sisi tunatanguliza jina, sifa inafuata. Nyanya, nyanya chungu. Pilipili, pilipili hoho, pilipili manga. Vitunguu maji, vitunguu saumu. Viazi vitamu, viazi mviringo. Ukoo mzima unashika neno la kwanza, na ukitafuta kwa hilo neno umeita ukoo mzima. Hata bila sifa hauko salama: anayetafuta "*embe*" kwenye orodha ya duka la pembejeo atapewa na majembe.

Kwa hiyo nikaamua kutenganisha kwanza, ndipo nihesabu. Uamuzi ulikuwa sahihi, mkono ndio ulioteleza. Nikaona vitu vimetenganishwa kwa mkato na nafasi, nikaandika hivyohivyo:

```
=SPLIT(C2, ", ")
```

Nikaburuta fomula mpaka chini, vipande vikajipanga kila kimoja kwenye seli yake kuelekea kulia, nikahesabu vipande vilivyoandikwa nyanya bila nyota yoyote. Jibu: 31. Nikatoa na orodha ya vipande vyote, nikampelekea mama mwenyekiti, na ndipo tukafika kwenye chungu.

Kosa liko hapa, na sijaona watu wengi wakilisema waziwazi. SPLIT ya Google Sheets, usipoiambia vinginevyo, haisomi ", " kama alama moja. Inazisoma kama alama mbili, mkato na nafasi, na inakata palipo na yoyote kati ya hizo. Nyanya chungu ina nafasi katikati, ikakatwa: "Nyanya" huku, "chungu" kule. Vitunguu saumu ikatoa vitunguu na saumu. Vitunguu maji ikatupatia wauza maji 17.

Angalia jinsi makosa mawili yanavyotoa namba mbili tofauti. Kwenye data yangu, wanaouza nyanya bila nyanya chungu ni 14, wanaouza nyanya chungu tu ni 6, na wanaouza zote mbili ni 5. COUNTIF yenye nyota inahesabu watu, kila seli mara moja: 14 na 6 na 5, yaani 25. SPLIT yangu mbovu inahesabu vipande, kwa hiyo wale watano wa zote mbili wanaingia mara mbili, na tunafika 30. Ya 31 ilitoka wapi? Subiri kidogo.

Dawa ya SPLIT ni mojawapo ya mbili. Unaweza kuongeza FALSE mwishoni, `SPLIT(C2, ", ", FALSE)`, ambayo inaiambia isome mkato na nafasi kama alama moja isiyogawanyika. Ingefaa sana kwa wale 24 wa fomu. Lakini mpwa wangu aliandika "nyanya,bamia" bila nafasi, na hapo mkato-na-nafasi haupo, seli ingebaki nzima. Mimi nikachagua njia ya pili: kata kwenye mkato peke yake, halafu TRIM ifyeke nafasi zilizobaki mwanzo na mwisho wa kila kipande. TRIM haigusi nafasi moja iliyo katikati ya maneno, kwa hiyo nyanya chungu inabaki nyanya chungu.

```
=ARRAYFORMULA(QUERY(FLATTEN(TRIM(IFERROR(SPLIT(C2:C39, ",")))),
"select Col1, count(Col1) where Col1 <> '' group by Col1 order by count(Col1) desc", 0))
```

Isome kutoka ndani kwenda nje, inatisha kwa sura tu. SPLIT inakata kila seli. IFERROR inanyamazisha mistari mitupu, maana SPLIT ikipewa seli tupu inalalamika. TRIM inafyeka. FLATTEN inachukua hilo jedwali lenye meno yasiyolingana, mmoja ana vitu viwili na mwingine saba, inavipanga vyote kwenye safu moja ndefu. QUERY inavikusanya vinavyofanana na kuvihesabu. Wenzetu wa Bukavu na Bujumbura ambao faili zao ziko kwenye mpangilio wa Kifaransa wataandika nukta-mkato kati ya sehemu za fomula, kwa sababu mkato huko ni wa desimali. Mkato ulio ndani ya alama za kunukuu haubadiliki.

Chungu ikatoweka. Saumu ikarudi kwa kitunguu chake. Ila nyanya sasa zilikuwa na mistari miwili: "Nyanya" 12 na "nyanya" 8. QUERY inatofautisha herufi kubwa na ndogo. COUNTIF haitofautishi, ndiyo maana mwanzoni sikuliona hili. Nikaweka LOWER nje ya TRIM, vyote vikawa herufi ndogo, mistari ikaungana: 20.

Kuna uchafu mwingine wa aina hiyohiyo ambao haukunipata safari hii, ila umewahi kunila saa nzima. Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa wavuti mara nyingine hubeba nafasi isiyo ya kawaida, ile inayoitwa CHAR(160), ambayo kwa jicho ni nafasi tu lakini TRIM haiitambui. Utaona mistari miwili ya "bamia" iliyo sawa kabisa na haitaki kuungana. Ijaribu kwa LEN: bamia ina herufi 5, ikikuambia 6 kuna mgeni ndani. `SUBSTITUTE(C2:C39, CHAR(160), " ")` inamtoa, ikiwa imewekwa kabla ya SPLIT.

Namba 20 ilionekana ya kuaminika. Lakini nilishaaibika mara moja kwa siku ile, nikataka kuipima kwa njia nyingine isiyotumia SPLIT kabisa. Wazo ni kuizungushia kila seli uzio wa mikato pande zote mbili, halafu kutafuta neno likiwa limebanwa kati ya mikato:

```
=SUMPRODUCT(--ISNUMBER(SEARCH(",nyanya,",
","&SUBSTITUTE(C2:C39, ", ", ",")&",")))
```

SUBSTITUTE inaondoa nafasi zilizo baada ya mikato ili seli za fomu na za mpwa wangu zifanane. Kisha ",nyanya," haiwezi kukamata nyanya chungu, kwa sababu baada ya nyanya hapo kuna nafasi badala ya mkato. Jibu: 19.

Ishirini na kumi na tisa. Mmoja anatafutwa.

Nilimpata mstari wa 31, na msomaji makini ameshamwona: nyanya,bamia,nyanya. Mtu mmoja, nyanya mara mbili. Karatasi yake ninayo. Aliandika nyanya juu, akaendelea, akasahau, akaandika tena chini, na mpwa wangu akachapa alichokiona, ambalo ndilo nililomwambia afanye. Fomula ya kutenganisha inahesabu mitajo, kwa hiyo ikampa mbili. Fomula ya uzio inauliza tu kama nyanya imo kwenye seli au haimo, kwa hiyo ikampa moja. Na huyu huyu ndiye aliyeifikisha 30 kuwa 31 kule nyuma.

Ningeweza kufuta hiyo nyanya ya pili kwa mkono na kumaliza. Lakini sikupenda kwamba fomula yangu ilikuwa inahesabu kitu ambacho sikukiuliza. Swali lilikuwa "watu wangapi", nayo ilihesabu maneno. FLATTEN ilipovimwaga vipande kwenye safu moja, ilitupa habari ya nani kasema nini, na bila habari hiyo huwezi kujua kama nyanya mbili ni za watu wawili au za mtu mmoja msahaulifu. Kwa hiyo kabla ya kumwaga, kifunge kila kipande na namba ya mstari wake:

```
=ARRAYFORMULA(SPLIT(UNIQUE(FLATTEN(
ROW(C2:C39)&"|"&LOWER(TRIM(SPLIT(C2:C39, ","))))), "|"))
```

Kinachotoka ni jedwali refu lenye safu mbili: namba ya mtu na bidhaa moja. Mstari wa 31 sasa una "31 nyanya" na "31 bamia", basi. UNIQUE imeila ile ya pili kwa sababu "31|nyanya" zilikuwa mbili sawasawa. Kuna mistari yenye namba tupu bila bidhaa, hiyo ni ya watu waliotaja vitu vichache, na unaiacha nje kwa `where Col2 is not null` unapohesabu. Kwa kuwa sikuweka IFERROR hapa, hakikisha kwenye masafa yako hakuna jibu tupu.

Tangu siku hiyo, hili jedwali refu ndilo ninaloanza nalo. Ninaliweka kwenye karatasi yake ya pembeni, majibu ya asili siyagusi, na hesabu yoyote inatoka humo. Ukitaka kujua wanaouza nyanya pamoja na vitunguu maji, unao. Ukitaka kujua mtu wa wastani anauza vitu vingapi, unao. Anayetumia Excel atafika palepale bila fomula: kwenye Power Query chagua Split Column, By Delimiter, fungua Advanced options na uchague Rows badala ya Columns, kisha Trim, kisha lowercase, kisha Remove Duplicates ukiwa umechagua safu ya mtu na safu ya bidhaa kwa pamoja. Hilo neno Rows ndilo lenye kazi. Ukiacha Columns utapata meno yaleyale yasiyolingana.

Nikadhani nimemaliza. Nikapitia orodha kutoka juu hadi chini, safari hii polepole, nikakutana na hivi:

```
matembele                  16
mboga za majani (mchicha   14
kisamvu)                   14
```

Mabano yaliyofunguliwa hayajafungwa, na mengine yamefungwa hayajafunguliwa. Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe la siku ya kwanza. Nilipotengeneza fomu niliandika chaguo moja lisemalo "Mboga za majani (mchicha, matembele, kisamvu)", nikiona nawasaidia watu kuelewa. Mikato iliyo ndani ya jina haina tofauti yoyote na mikato inayotenganisha majibu, na SPLIT haina namna ya kujua. Hata bila mabano ningeweza kugundua: vipande vya chaguo moja lililopasuka hutokea mara sawasawa, 14 na 14. Matembele ilifika 16 kwa sababu wawili wa karatasi waliitaja yenyewe.

Hapa dawa iko kabla ya kukata. Unalibadilisha jina zima liwe lisilo na mkato, `SUBSTITUTE(C2:C39, "Mboga za majani (mchicha, matembele, kisamvu)", "Mboga za majani")`, na hilo ndilo unalompa SPLIT. SUBSTITUTE inataka herufi zilingane kabisa, kubwa kwa kubwa. Na fomu inayofuata nimeandika "mchicha na wenzake".

La mwisho halikuwa na fomula. Watu wawili wa karatasi waliandika "ngogwe". Anayejua anajua kwamba ngogwe ndiyo nyanya chungu, ila Google Sheets haijawahi kwenda sokoni. Nilitengeneza jedwali dogo la safu mbili, jina lililoandikwa na jina tunalolitumia: ngogwe ni nyanya chungu, mchicha ni mboga za majani, matembele ni mboga za majani. VLOOKUP ikabadilisha majina kwenye jedwali refu. Lakini angalia mpangilio. Aliyeandika "mchicha, matembele" kwenye karatasi sasa ana mboga za majani mara mbili, kwa hiyo UNIQUE inabidi ipite tena baada ya kubadilisha majina. Ukiipitisha kabla tu, umerudisha tatizo la mstari wa 31 kwa mlango wa nyuma. Nyanya chungu ikapanda kutoka 11 hadi 13. Nyanya ilibaki 19.

Nilimrudia mama mwenyekiti kesho yake jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vyungu umeviuza?"

Nikampa orodha. Alisoma mstari kwa mstari, akikumbuka watu kwa majina, akinyoosha kidole kuelekea meza zao. Akafika kwenye asilimia, akakunja uso. Nyanya nilikuwa nimeziandikia asilimia 50, vitunguu maji asilimia 45, na ukiendelea kujumlisha zote zinapita mia mara nne na zaidi. "Asilimia zinapita mia?"

Nikamweleza kwamba nimegawa kwa watu. Wauza nyanya 19 kati ya wanakikundi 38 ni nusu. Mitajo yote baada ya usafi ilikuwa 171, maana kila mtu anauza vitu vinne na nusu kwa wastani, na ningegawa kwa hiyo 171 nyanya zingekuwa asilimia 11. Hiyo nayo ni namba ya kweli, ila inajibu swali la ukubwa wa nyanya kati ya vitu vyote vinavyouzwa, na Fuso halikodishwi kwa swali hilo. Akasema basi niandike tu "19 kati ya 38" na niachane na asilimia. Nikafuta safu nzima.

Halafu akachukua kalamu akaanza kuwapitia wale 19 mmoja mmoja kuuliza kama kweli kila mtu ataweza tenga zima. Wanne hawakuweza. Wakaungana wawili wawili, na tukaagiza matenga 17.